Msiba Ulioongezwa Chini ya Barua

Mume wangu ana ugonjwa mmoja: hawezi kuacha jambo zuri likae lilivyo. Ukimpa chai iliyokolea sukari ataongeza kijiko. Ukimpa ukuta ulionyooka atatafuta pahali pa kugonga msumari. Ningeyakumbuka hayo siku niliyomwachia barua ile ya kutuma, tusingefika tulipofika. Nilijua, tena vizuri. Nilimwachia tu kwa sababu ilinibidi nifike benki kule mji wa Wote kabla haijafungwa.

Sisi tunauza pampu za sola hapa Tawa. Wateja wetu wamechimba visima kando ya mito ya mchanga, wanalima nyanya na sukuma, na pampu moja inamtoa mtu kwenye kazi ya kuteka maji kwa ndoo tangu alfajiri. Pampu zenyewe zinatoka kwa Mzee Hamdan, Mwarabu mwenye ghala kule Sharjah. Hatujawahi kuonana naye. Tunamwandikia kwa Kiswahili, na wakala wake wa Mombasa, bwana mmoja anaitwa Twahir, ndiye anayeigeuza barua kuwa Kiarabu na kutuletea jibu kwa Kiswahili. Mwanzoni tulikuwa tunalipa kila kitu kabla mzigo haujapakiwa melini. Baadaye Mzee akaona hatuna maneno mengi, akaanza kutupa pampu kwa mkopo wa miezi miwili. Mkopo huo ndio duka letu. Bila huo, mimi na Mutie tungekuwa tunauza mifereji ya bomba na gundi yake kama watu wengine wote wa mtaa huu.

Sasa mwaka huu ndengu, zile choroko za huku kwetu, zikatuponza. Mkulima wa hapa hulipa kiasi akichukua pampu, halafu humaliza akishauza ndengu zake za Januari. Mvua ilikuwa nzuri, ndengu zikajaa, na kwa kuwa zilijaa kila mahali, madalali wakaja na bei ya kutukana. Wakulima wakafunga magunia yao ndani ya nyumba wakasema watangoja. Siwalaumu. Hata mimi ningengoja. Lakini deni letu la Sharjah lilikuwa linaiva mwisho wa Februari, na Mzee Hamdan hali ndengu.

Kwa hiyo nikaketi nikaandika. Nilifanya mapema, siku zikiwa bado zimebaki, kwa maana anayeomba muda baada ya siku kupita haombi, anajitetea. Niliandika hivi:

*Kwa Mzee Hamdan,*

*Salamu nyingi kutoka Tawa. Tunatumaini wewe na jamaa yako mko salama na kazi inaendelea vyema.*

*Tunakuandikia kuhusu ankara ya pampu za mwezi wa Desemba, ambayo tunapaswa kuimaliza mwisho wa Februari. Kwa heshima tunaomba utuongezee muda hadi mwisho wa Aprili. Wateja wetu ni wakulima, nao humaliza kutulipa wakishauza ndengu. Mwaka huu bei imeanguka wakati wa mavuno, na wengi wamezuia magunia nyumbani wakingoja ipande. Pampu zako zimeuzwa zote, hakuna iliyolala dukani.*

*Ili usituone kama watu wanaokimbia, wiki hii tunakutumia theluthi ya deni kupitia benki, na nakala ya risiti itafuata. Theluthi ya pili itakuja mwisho wa Machi, na ya mwisho Aprili. Tunajua kwamba tarehe ya kwanza tuliikubali wenyewe, na tunasikitika kuomba nyingine. Kama mpango huu haukufai, tafadhali tuambie ungependa tufanye nini.*

*Wako katika biashara,*
*Mutie na Kanyiva*

Haikuwa na pambo. Ilisema tunadaiwa nini, kwa nini tumekwama, tunatoa nini leo na lini tutamaliza. Nikamwambia Mutie aisome, aitume kwa barua pepe ya duka, na nakala impelekee Twahir. Nikachukua mkoba wangu nikaenda Wote kupeleka ile theluthi.

Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, amekunja mikono, uso umeridhika. Huo uso mimi ninauogopa kuliko wa askari wa barabarani.

"Umetuma?" nikamuuliza.

"Nimetuma. Lakini ilikuwa kavu, Mama Mumo. Nikaiongezea kitu kidogo."

"Kitu gani?"

"Kitu cha utu. Wewe uliandika ni kama kaunti inaitisha leseni."

Nikachukua tarakilishi. Maneno yangu yote yalikuwapo, hakugusa hata nukta. Ila chini, kabla ya majina yetu, alikuwa amepachika haya: *Pia ningependa ujue kwamba tumemzika mama yangu mpendwa, Ndila, na tangu siku hiyo mambo ya nyumbani na ya biashara hayajakaa sawa.*

Nilisoma mara mbili. Mama mkwe wangu Ndila alizikwa mwezi wa Juni, mwaka wa elfu mbili na ishirini. Mtoto wetu Mumo alikuwa hajaota meno, na sasa yuko shuleni anabishana na walimu.

"Mutie," nikasema, "mama alikufa miaka mingi iliyopita."

"Kwani nimeandika alikufa lini?"

"Mtu akisoma hivi atadhani ni juzi."

"Hiyo ni yeye na kudhani kwake. Mimi sijadanganya. Kuna neno moja hapo ambalo si kweli? Nionyeshe."

Nilishindwa kumwonyesha. Hapo ndipo uchungu ulipo. Mwongo wa kawaida unamshika shati, lakini mtu anayekudanganya kwa maneno ya kweli utamshika wapi? Na ijulikane pia kwamba huku kwetu hakuna mtu angethubutu kumtangaza mama aliye hai kuwa amekufa ili apate afueni ya deni. Hilo mtu angeliogopa hadi kaburini kwake mwenyewe. Mutie naye aliliogopa, ndiyo maana alimtumia aliyekwisha kuzikwa. Alitaka faida ya msiba bila dhambi yake. Huku msiba ni kama chumvi, kila anayeomba afueni huunyunyiza kidogo, na anayesoma hutikisa kichwa akaendelea na shughuli. Asichojua mume wangu ni kwamba si kila mtu hutikisa kichwa akaendelea.

Jibu lilikuja asubuhi iliyofuata. Twahir alikuwa ameligeuza kwa Kiswahili chake cha Mombasa, kile kinachokufanya utake kunyoosha kitambaa cha meza unapokisoma. Mzee Hamdan alisema sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Alisema hakuna maneno ya fedha yanayosemwa katika nyumba yenye maiti, kwa hivyo muda tulioomba tumepewa na tusiuwaze tena. Alisema angekuja mwenyewe lau miguu ingemruhusu, na kwa kuwa haimruhusu, Twahir atapanda kuja Tawa kutupa mkono wa taazia kwa niaba yake, safari hiyo ikiwa keshokutwa.

"Unaona?" Mutie akasema. "Tumepewa."

Papo hapo simu yake ikalia. Ilikuwa Twahir, na nyuma yake, kwenye simu hiyo hiyo, sauti ya mzee mwingine, nzito na ya polepole. Mzee Hamdan alikuwa amepiga mwenyewe kutoka Sharjah, Twahir akaunganishwa. Anasema kidogo kwa Kiarabu, Twahir anageuza, halafu anasema tena.

Mutie akaweka simu ile mezani ili nisikie.

"Mzee anauliza, mama alikuwa na umri gani?" Twahir akasema.

"Sabini na kitu," Mutie akajibu.

"Anauliza, aliugua sana?"

"Ilikuwa sukari. Sukari ilimmaliza."

Mzee akasema jambo refu. Twahir akageuza: "Anasema mtu akifiwa na mama, mlango wa dua uliokuwa wazi kwake umefungwa, na sasa ni lazima ajiombee mwenyewe. Anasema anaujua mlango huo. Wake ulifungwa akiwa kijana."

Nilimtazama Mutie nikitarajia kuona aibu. Nikaona machozi. Si ya kuigiza, namjua akiigiza. Aliinamisha kichwa juu ya kaunta, mabega yanatikisika. Twahir akasema "Pole, ndugu yangu, pole," na yule mzee akasema kitu kifupi kwa sauti ya chini, na simu ikakatika.

Ni lazima niseme hapa jinsi Ndila alivyozikwa, kwa sababu nilikuwapo. Ulikuwa ule mwaka wa barakoa. Mombasa ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Ndinda, dada yake Mutie anayeishi huko, alimzika mama yake kwa kusikiliza simu. Watu wa kaburini walihesabiwa kama watoto wa shule, kumi na watano, na chifu alisimama pale kuhakikisha. Hakukuwa na usiku wa maombi, hakukuwa na kwaya, hakukuwa na majirani wa kuleta sukari na kuni na kuketi na mfiwa hadi asahau saa. Hakufa kwa ugonjwa ule, alikufa kwa sukari, lakini watu waliogopa hata kusalimia. Tulimzika asubuhi, na kufika saa sita Mutie alikuwa peke yake uani akikusanya majembe. Hakulia siku hiyo. Nilidhani ni ukakamavu.

Kwa hiyo nilimwonea huruma pale kwenye kaunta. Lakini huruma si upumbavu, na nilipoona amejifuta uso nikamwambia, "Sasa tunamwandikia ukweli."

"Nimwandikie nini? Kwamba mama hakufa?"

"Kwamba alikufa zamani. Kabla huyu mtu hajapanda gari kutoka Mombasa kuja kulia na sisi."

"Kanyiva, wacha waje."

"Waje kufanya nini?"

Akasema, bila kuniangalia, "Hakuna mtu alikuja."

Nikatoka nje nikazunguka duka mara moja, kwa sababu sikujua nimkasirikie vipi mtu wa namna hiyo.

Kama angeishia hapo pengine ningetulia. Lakini nimesema ugonjwa wake. Kesho yake nilifika nyumbani nikakuta hema. Hema la manjano, la kukodi, limesimamishwa kando ya kaburi la Ndila, na viti vya plastiki vinashushwa kutoka kwenye mkokoteni. Kiilu, mchungaji wetu, alikuwa anapima pa kuweka meza. Akina mama wa kanisa walikuwa tayari wameteka jiko langu, wakanituma niwaletee vitunguu katika nyumba yangu mwenyewe.

Nilimvuta Mutie nyuma ya ghala la mahindi.

"Hii ni nini?"

"Mgeni anakuja kwa matanga. Atakuta hakuna watu? Tutamwambia nini?"

"Umewaambia nini hawa?"

"Nimewaambia kuna mtu anatoka mbali kumlilia mama. Basi. Wakakuja wenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa, na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini tunamfanyia matanga mtu aliyelala ardhini miaka hii yote. Jirani yetu Nthenya alileta sukari kilo mbili na kunishika mkono. "Mama Mumo, nilikuwa nadaiwa hii," akasema, "siku ile niliwachungulia kwa ua nikaogopa kuvuka." Mzee Kivuva, ambaye bado anadaiwa pesa ya pampu na duka letu, alileta mbuzi. Mbuzi mzima. Nilimwangalia mbuzi yule nikimhesabu kama fedha, Mungu anisamehe, kwa sababu mtu huyu alikuwa ameniambia wiki iliyopita kwamba hana kitu hadi ndengu zipande.

"Na viti?" nikamuuliza Mutie. "Na hema? Umelipa na nini?"

"Nimetoa kidogo kwa ile ya Machi."

Ile ya Machi. Theluthi ya pili. Nilikuwa nimeanza kuikusanya shilingi kwa shilingi ndani ya mkebe wa maziwa, na mume wangu akaigeuza kuwa kivuli. Tulikuwa tumemwandikia mtu kwamba hatuna pesa, na sasa mtu huyo anatuma mjumbe aje atukute tumekodi hema na kuchinja. Hata mwenye roho ya malaika angejiuliza. La kuvunda halina ubani, na mimi nilikuwa nimechoka kulifukizia.

Niliingia chumbani, nikafunga mlango kwa komeo, nikaandika barua ya pili kwa simu. Sikumwambia mtu. Niliandika:

*Kwa Mzee Hamdan,*

*Ninaandika mimi Kanyiva, peke yangu. Mama mkwe wangu Ndila alifariki mwaka wa 2020, si mwaka huu. Mume wangu hakutaja tarehe, na alipaswa kuitaja. Huzuni yake ni ya kweli, lakini si sababu ya sisi kuchelewa. Sababu ni ndengu, kama nilivyoeleza. Theluthi ya kwanza imeshatumwa. Kama kwa ajili ya haya unataka kuondoa muda uliotupa, una haki, na tutatafuta njia ya kulipa. Samahani kwa kukusumbua na kumsafirisha Bwana Twahir.*

*Kanyiva*

Nikaituma kwa Mzee na nakala kwa Twahir. Kisha nikakaa kitandani nikingoja simu iite. Haikuita. Wala jioni haikuita. Mutie alilala usingizi mzuri usiku ule, jambo lililoniudhi zaidi ya hema.

Twahir alishuka treni stesheni ya Emali, akachukua teksi mpaka kwetu, akafika jua likiwa utosini. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, amebeba katoni ya tende na kikapu cha kahawa. Alivua viatu penye mkeka wakati hakuna aliyemwomba, akawapa watu wote mkono mmoja mmoja, hata watoto. Nilipomshika mkono nikamtazama machoni kutafuta dalili kwamba ameipata barua yangu. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyesafiri tu.

"Pole sana, bibiye," akaniambia. "Mnionyeshe alipolala mama."

Mutie akaniangalia. Nadhani hapo ndipo alipokumbuka alichosahau tangu mwanzo. Kaburi la Ndila limesakafiwa, lina vigae vyeupe, na msalaba wake una maandishi meusi ambayo yeye mwenyewe alilipia yachorwe makubwa ili yasomeke kutoka barabarani. Alijaribu kusema tule kwanza. Twahir akasema chakula hakikimbii.

Tukaenda. Watu wote wakatufuata, kwa kuwa walidhani ndivyo ilivyopangwa. Twahir akasimama mbele ya msalaba akasoma jina, halafu akasoma tarehe ya kuzaliwa, halafu ile ya pili. Alisoma polepole. Mchungaji Kiilu akakohoa. Mutie alikuwa anatazama viatu vyake, na sikio lake lilikuwa limegeuka rangi.

Nilitaka kusema mimi, lakini Twahir akanitangulia. Akamgeukia Mutie, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Kwetu taazia ni siku tatu," akasema. "Baada ya hapo mtu hapaswi kumtonesha mwenziwe kidonda. Ila aliyekuwa mbali. Aliyekuwa mbali hutoa mkono siku atakayokutana na mfiwa, hata ikawa ni miaka. Mzee Hamdan alikuwa mbali. Nami nilikuwa mbali. Mungu ampumzishe mama yako."

Mutie akasema ahsante kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akina mama wakaanzisha wimbo. Tuliimba, tukaomba, tukala mbuzi wa Kivuva, na watu wakamsimulia Twahir habari za Ndila: jinsi alivyomfukuza fisi kwa mwiko, jinsi alivyokataa kuuza shamba la juu. Mutie alicheka na kulia mpaka jioni. Mimi nilikuwa nahudumia watu chai huku nikimvizia Twahir, kwa sababu kulikuwa na swali moja tu duniani na hakuna aliyekuwa analiuliza.

Nikampata Twahir peke yake akinawa mikono kando ya tangi.

"Barua yangu ya pili ulipata?"

"Niliipata nikiwa ndani ya treni."

"Umemgeuzia Mzee?"

"Bado." Akajifuta mikono kwa leso. "Ile ya kwanza, Bi Kanyiva, niliigeuza mimi kwa mkono wangu. Neno *tumemzika* nililiandika kwa Kiarabu kama msiba wa jana, kwa maana ndivyo linavyosomeka. Mzee alipoagiza nije, nilimwambia hawa watu nawajua, si watu wa hila. Nimesimama dhamana kwa maneno yangu. Kwa hivyo nilitaka kwanza nione kwa macho ni uongo wa namna gani."

"Na umeona nini?"

"Nimeona mfiwa wa kweli. Nimeona na hema." Akatazama hema. "Yote mawili nitamwambia. Barua yako nitaigeuza leo usiku, kama ilivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Mzee hanilipi nimchagulie cha kujua."

"Atatunyang'anya muda?"

"Sijui. Ni mzee sana, na hukasirika taratibu."

Akaondoka na teksi yake. Mutie akampungia mkono mpaka vumbi likatua, kisha akanigeukia akasema, "Mtu mzuri sana, huyu." Nikamwambia aende akaoshe sufuria.

Zikapita siku kadhaa bila jibu. Nilikuwa nafungua anwani ya duka kila nikipata nafasi, mteja akiniuliza bei ya nyaya namjibu bei ya betri. Nilimweleza Mutie kuhusu barua yangu ya pili, akakasirika, tukalala migongo ikitazamana. Alisema nimemwaibisha mbele ya mtu wa mbali. Nikamwambia mtu wa mbali alijua kusoma msalaba bila mimi. Ukweli ni kwamba mimi pia nilikuwa na hofu kwamba nimelifunga duka kwa mkono wangu kwa sababu ya kutaka kuwa msafi.

Jibu lilikuja tukiwa wote dukani. Mutie alikuwa anafunga waya kwenye paneli. Nikalisoma kwa sauti, kwa kuwa nilijua nikilisoma kimya atadai nimeruka pahali.

*Kwa Bi Kanyiva,*

*Nimepokea theluthi ya kwanza. Nimepokea na barua zako mbili.*

*Ile ya kwanza nilianza kuisoma kutoka juu, kama barua zote. Nilipofika mahali uliposema theluthi inatumwa wiki hii, nilimwambia karani wangu aandike ndiyo. Akaandika. Ndipo nikashuka chini nikakuta msiba, nikaiacha kazi, nikatuma taazia na kumpigia mumeo.*

*Muda ni wenu hadi mwisho wa Aprili. Nilishautoa, na sichukui nilichokwisha kutoa. Lakini baada ya deni hili kwisha, mtalipa kabla mzigo haujapakiwa, kama mwanzo. Usinione nina chuki. Kuanzia sasa, nikisoma barua kutoka Tawa, itanibidi niulize kila sentensi ilitokea mwaka gani, na mimi nimezeeka kwa kazi hiyo.*

*Taazia niliyompa mumeo ni yake. Hiyo siirudishi, wala sijutii. Mwambie kila niliposema naye siku ile nilikuwa nikimkumbuka mama yangu.*

*Hamdan*

Nikaweka tarakilishi chini. Nje Kivuva alikuwa amesimama na kijana wake, wanaulizia pampu nyingine kwa mkopo, ya kulipwa ndengu zikipanda. Nikawaashiria wangoje. Mkopo wa Sharjah ulikuwa umekwisha, na ulikuwa umekwisha kwa sababu ya mstari mmoja ambao hatukuuhitaji, uliowekwa chini ya ndiyo iliyokwisha kuandikwa. Nilitaka kulia kwa hasira. Nilitaka mtu wa kumlaumu ambaye ningeweza kumchukia vizuri, na badala yake nilikuwa na huyu, na waya zake mikononi.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia."

"Alikuwa ameshakubali, Mutie. Kabla hajafika kwako. Karani alikuwa ameshaandika."

"Nimesikia, Kanyiva."

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, ameukunja ule waya ukawa duara, anaukunjua, anaukunja tena. Nilingoja aombe msamaha. Nilikuwa nimeshaandaa jinsi nitakavyoukataa.

"Nisomee tena hapo mwisho," akasema. "Pale kwa mama yake."

Nilitaka kumpiga na tarakilishi. Nikaifungua, nikatafuta mstari, nikamsomea tena.